Aina tano mpya dhidi ya moja ya zamani: kuchagua marekebisho baada ya ANOVA na kuyaripoti bila kuficha

Jaribio linalochambuliwa hapa lilikuwa na aina sita za mahindi. Tano ni mpya, nami nitaziita A, B, C, D na E. Ya sita, S, ni aina iliyozoeleka mashambani, iliyowekwa ili hizo mpya zipimwe dhidi yake. Kila aina ilipandwa mara moja katika kila bloku, bloku zilikuwa nne, na mpangilio wa aina ndani ya kila bloku ulipatikana kwa kura. Ploti zote ni 24. Takwimu nimezipanga mwenyewe ili msomaji mwenye kikokotoo aweze kurudia kila hesabu, lakini mvutano uliomo ndio ule unaozuka kila msimu pale timu ya watafiti inapokaa kuandika ripoti: ANOVA, kipimo cha pamoja cha iwapo wastani zote zinalingana, imeonyesha kwamba aina hazilingani, sasa ni zipi hasa zinazotofautiana, na kwa kipimo gani?

Mpango wa utafiti, ulioandikwa kabla ya kupanda, ulisema kwamba lengo ni kujua iwapo kuna aina mpya inayotofautiana na S kwa mavuno. Haukutaja jina la marekebisho yatakayotumika ili kulinganisha jozi nyingi kusizae ushindi wa bandia. Upungufu huo mdogo ndio uliozaa sehemu kubwa ya yanayofuata.

Wastani wa mavuno, kwa tani kwa hekta, ulikuwa hivi: A 4.58, B 4.41, C 4.12, D 3.78, S 3.62 na E 3.55. ANOVA ilitoa F ya 4.06 kwa aina, yenye digrii 5 na 15 za uhuru, na thamani ya p iliyo kati ya 0.01 na 0.025. Wastani wa miraba ya kosa ulikuwa 0.18. Kutokana na hiyo 0.18 tunapata namba moja itakayotufuata hadi mwisho, yaani kosa sanifu la tofauti kati ya wastani mbili: kipeo cha pili cha 2 × 0.18 ÷ 4, ambacho ni 0.30. Kila njia ya kulinganisha inayozungumziwa hapa chini huchukua hiyo 0.30 na kuizidisha kwa kizidishi chake. Njia hutofautiana hasa katika ukubwa wa kizidishi hicho.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kubishana kuhusu vizidishi ilipasa kuthibitisha kwamba 0.30 yenyewe ni ya kweli. Makosa mawili huiharibu mara kwa mara. La kwanza ni la kuhesabu mimea badala ya ploti. Mtu aliyepima mimea kumi katika kila ploti hujikuta na safu 240 za takwimu, na programu isipoelezwa vinginevyo humpa mamia ya digrii za uhuru, ilhali kitu kilichopangiwa aina kwa kura ni ploti, si mmea. Kosa sanifu husinyaa, karibu kila tofauti huonekana kubwa, na hakuna marekebisho yanayoweza kuponya hali hiyo. La pili ni dogo zaidi na hujificha vizuri: bloku zimeandikwa 1, 2, 3 na 4, programu ikazisoma kama kiasi badala ya majina, ikachora mstari mmoja ulionyooka kupita katika bloku zote. Dalili yake iko kwenye jedwali la ANOVA. Bloku nne zinapaswa kuchukua digrii 3 za uhuru na kuacha 15 kwa kosa. Ukikuta bloku zina digrii 1 na kosa lina 17, acha kila kitu urudi kwenye takwimu. Katika kisa hiki digrii zilikuwa 3 na 15. Masalia yalipochorwa dhidi ya wastani wa kila aina hayakuonyesha kutawanyika zaidi kwa aina zenye mavuno makubwa, na hakuna ploti iliyopotea. Ile 0.30 ilistahili kuaminiwa.

Rasimu ya kwanza ya ripoti ilitumia LSD, yaani tofauti ndogo kabisa inayohesabiwa kuwa na maana. Kizidishi chake ni t ya kawaida, 2.131 kwa digrii 15, kwa hiyo mpaka ni 0.64. Kwa mpaka huo A inaizidi S kwa 0.96 na B inaizidi kwa 0.79, zote mbili zinapita. Mhakiki wa ndani alikataa, akataka kipimo cha Tukey kwa maelezo kwamba ni kikali na ndicho kinachokubalika. Kizidishi cha Tukey kwa wastani sita ni 3.25, na mpaka unapanda hadi 0.97. Hapo A, yenye tofauti ya 0.96, inaanguka kwa unywele mmoja, na jozi pekee inayobaki na maana kati ya zote 15 ni A na E, jozi ambayo hakuna mtu aliyeiulizia. Mwingine katika timu akajaribu Bonferroni kwa jozi zote 15: kizidishi 3.48, mpaka 1.05, na hata A na E, zenye tofauti ya 1.03, hazikufika. Mmoja aliyezoea kipimo cha Duncan alipata jozi zilezile tano ambazo LSD huzipitisha kati ya zote 15.

Takwimu ni zilezile, 0.30 ni ileile, lakini aina zinazoizidi S ni mbili, au sifuri, kulingana na jina lililochaguliwa kwenye menyu ya programu. Ndiyo maana swali la njia ipi ni bora, likiulizwa hivyo bila nyongeza, halina jibu. Swali lenye jibu ni hili: ni jozi zipi ambazo mtafiti alijifunga kuzitazama, na ni kosa la namna gani analotaka kujikinga nalo katika jozi hizo zikiwa pamoja?

Wastani sita hutoa jozi 15. Kama aina zote sita zingekuwa sawa kabisa, na kila jozi ikapimwa kwa asilimia 5 bila marekebisho wala sharti la kupita kwanza kipimo cha F, nafasi ya kutangaza angalau tofauti moja isiyokuwepo ingekuwa takriban moja kwa tatu. Wengine huandika asilimia 54, wakitoa 0.95 iliyozidishwa yenyewe mara 15 kutoka 1, lakini hesabu hiyo huchukulia kwamba jozi hazihusiani, na hapa zinahusiana: A imo katika jozi tano, na ikibahatika kuangukia ploti nzuri jozi zote tano hupanda pamoja. Hata hiyo theluthi moja ni kubwa mno kwa kazi ya kupendekeza mbegu.

Watetezi wa LSD hujibu kwamba kipimo cha F kimesimama mlangoni. Ukikitumia LSD pale tu F inapokuwa na maana, wanasema, ulinzi unatosha. Hoja hiyo ni kweli kwa sehemu, na inafaa kueleza sehemu hiyo inaishia wapi. F inajibu iwapo aina zote ni sawa. Kama zote ni sawa kweli, F itafungua mlango kimakosa katika asilimia 5 tu ya majaribio, na mtafiti amelindwa. Lakini chukulia kwamba A peke yake ni bora kwa kiasi kikubwa na nyingine tano hazina tofauti yoyote. F itafungua mlango karibu kila mara, tena kwa haki, kwa sababu ya A. Mlango ukishafunguka, jozi kumi zilizomo kati ya zile aina tano zinazolingana zinapita bila kuulizwa kitu, na nafasi ya kupata angalau ushindi mmoja wa bandia kati yao inafika takriban robo. Aina moja nzuri imefungulia njia nyingine zisizostahili. Wastani zikiwa tatu tu tatizo hili halipo, kwa kuwa moja ikitofautiana inabaki jozi moja tu ya kukosea. Huko LSD iliyotanguliwa na F inalinda ipasavyo. Kwa aina sita hailindi.

Tukey kwa upande wake hulinda jozi zote 15 kwa pamoja, na kwa mtafiti anayetaka kweli kulinganisha kila aina na kila nyingine ndicho chaguo la kwanza. Bonferroni kwa jozi zote hizo 15 hutoza zaidi bila kuleta faida ya ziada. Tatizo la ombi la mhakiki halikuwa ukali wa Tukey. Lilikuwa kwamba jozi kumi kati ya 15 hazikuwa katika swali la utafiti. Mpango haukuuliza kama C inaizidi D. Kumlazimisha mtafiti alipie ulinzi wa jozi asizoziulizia ni kumpunguzia uwezo wa kuona alichokiulizia, na katika kisa hiki bei hiyo inaonekana waziwazi: 0.97 badala ya mpaka mdogo zaidi ambao swali lenyewe linastahili.

Mpaka huo unatoka kwa kipimo ambacho Dunnett alikitoa mwaka 1955 kwa hali kama hii hasa, ya aina kadhaa zinazolinganishwa na moja. Kinazingatia jozi tano tu, na kinazingatia pia kwamba zote tano zinashiriki S, kwa hiyo hazibahatishi kila moja kivyake. Kizidishi chake cha pande mbili kwa jozi tano na digrii 15 ni 2.82, na mpaka ni 0.85. A inapita kwa 0.96. B, yenye 0.79, haipiti. Njia ya Holm ikitumika kwa jozi hizo tano inafikia uamuzi uleule: thamani ya p ya A kabla ya marekebisho, takriban 0.006, inazidishwa kwa 5 na kubaki chini ya 0.05, huku ya B, takriban 0.019, ikizidishwa kwa 4 na kuvuka.

Timu ilikubali Dunnett. Kisha, kama inavyotokea, B ikaanza kuwauma. Ilikosa mpaka kwa 0.06 ya tani tu, na katika ploti ilikuwa imesimama vizuri, haikuanguka kwa upepo. Mapendekezo mawili yalitolewa kwa nia njema, na nayaeleza kwa urefu kwa sababu kila moja, likitazamwa peke yake, lina sura ya busara.

La kwanza lilikuwa kutumia Dunnett ya upande mmoja. Hoja ilikuwa kwamba hakuna anayejali kama aina mpya ni mbaya kuliko S. Kinachotakiwa ni iliyo bora, basi nguvu zote zielekezwe upande huo. Kizidishi cha upande mmoja kwa jozi tano ni 2.44, mpaka unashuka hadi 0.73, na B inapita. Hoja hiyo ingeweza kuwa halali kabisa kama ingekuwa imeandikwa kabla ya kuvuna. Mpango, hata hivyo, ulisema “inayotofautiana”, si “inayozidi”, na aliyependekeza alijua tayari kwamba B iko upande wa juu na kwamba imekosa kwa kidogo. Kuchagua upande baada ya kuona matokeo yameelekea wapi ni kutumia takwimu zilezile mara mbili, mara moja kuchagua kipimo na mara ya pili kukitumia.

La pili lilikuwa la kiufundi zaidi. D na E zilionekana wazi kwamba hazina la kutoa, kwa nini zihesabiwe? Ukiziondoa katika kundi la ulinganisho zinabaki jozi tatu, kizidishi cha Dunnett kinashuka hadi 2.61, mpaka unakuwa 0.78, na B inapita tena, safari hii kwa 0.01. Lakini D na E zimeondolewa kwa sababu zilishindwa, na kushindwa kwao kumejulikana kutokana na takwimu zilezile zinazotumika kupima B. Zilipandwa, zikapimwa, na zingekuwa na mavuno makubwa zingetangazwa. Kundi la ulinganisho ni la zile zilizopata nafasi ya kushinda, si zile zilizoshinda. Nimeona ripoti nyingi ambamo “aina zilizofanya vibaya hazikujumuishwa katika uchanganuzi” ni sentensi moja iliyojificha chini ya jedwali, na msomaji hana njia ya kujua kwamba mpaka wote ulisogea kwa sababu yake.

Mapendekezo yote mawili yalikataliwa, na B ikabaki ilipo. Hapo lakini palikuwa na mtego mwingine upande wa pili, ambao kwa maoni yangu huleta madhara zaidi shambani kuliko uchaguzi wa kipimo. Rasimu iliyofuata iliandika: “Aina A inaizidi S, aina B, C, D na E hazitofautiani na S, kwa hiyo A ni bora kuliko B.” Sehemu ya tatu haitoki popote. Tofauti kati ya A na B ni 0.17, chini hata ya mpaka wa LSD ambao ndio mlegevu kuliko yote. Kwamba A imevuka mstari na B haikuvuka hakumaanishi kwamba A na B zinatofautiana. Zinaweza kuwa zimekaa bega kwa bega, mstari ukapita katikati yake. Sehemu ya pili nayo ina kasoro. Kusema “hazitofautiani” ni kudai jambo ambalo ploti 24 haziwezi kulithibitisha. Kinachoweza kusemwa ni kwamba tofauti haikuthibitishwa.

Njia nyepesi ya kuepuka mitego yote miwili ni kuacha nyota na herufi, na kuandika tofauti yenyewe pamoja na mipaka yake ya uhakika ya asilimia 95, iliyokwisha kurekebishwa kwa Dunnett. Jedwali lililoingia katika ripoti lilikuwa hili:

| Aina | Wastani | Tofauti na S | Mipaka ya pamoja ya 95% |
|---|---|---|---|
| A | 4.58 | 0.96 | 0.11 hadi 1.81 |
| B | 4.41 | 0.79 | -0.06 hadi 1.64 |
| C | 4.12 | 0.50 | -0.35 hadi 1.35 |
| D | 3.78 | 0.16 | -0.69 hadi 1.01 |
| E | 3.55 | -0.07 | -0.92 hadi 0.78 |

Msomaji akitazama safu ya B haoni aina iliyoshindwa. Anaona aina ambayo faida yake inaweza kuwa zaidi ya tani moja na nusu kwa hekta, au isiwepo kabisa. Na akitazama safu ya A anaona jambo ambalo nyota ingemficha: kwamba faida iliyothibitishwa inaweza kuwa ndogo kama 0.11, kiasi ambacho huenda kisitoshe kugharamia mbegu mpya. Safu ya D pia inasema kitu. Haijathibitishwa kwamba D ni sawa na S. Jaribio lilikuwa dogo kiasi cha kutoweza kukana faida ya tani moja.

Likabaki suala la kuandika sehemu ya mbinu. Kawaida hapa ingeandikwa sentensi moja, kwamba wastani zilitenganishwa kwa kipimo cha Dunnett kwa asilimia 5, na kila neno lingekuwa kweli. Ingemficha msomaji jambo moja tu: kwamba Dunnett ilichaguliwa baada ya LSD, Tukey, Bonferroni na Duncan kutazamwa kwanza. Uchaguzi wenyewe una sababu nzuri, inayotokana na swali lililoandikwa kabla ya kupanda, na mtu ambaye hajaona takwimu angefikia palepale. Lakini msomaji hawezi kuliamua hilo kama hajui kwamba kulikuwa na njia panda. Aya iliyokubaliwa ilisomeka hivi:

“Mavuno yalichanganuliwa kwa ANOVA ya bloku kamili zilizopangwa kwa kura, yenye aina 6, bloku 4 na digrii 15 za uhuru za kosa. Mpango wa utafiti ulieleza kabla ya kupanda kwamba aina mpya tano zitalinganishwa na S, lakini haukutaja njia ya marekebisho. Tulichagua kipimo cha Dunnett cha pande mbili baada ya wastani kujulikana, kwa kuwa kinalingana na jozi tano zilizokusudiwa. Uamuzi kuhusu aina A unategemea kiasi uchaguzi huu: unabaki uleule kwa njia ya Holm katika jozi hizo tano, lakini kwa kipimo cha Tukey katika jozi zote 15 tofauti ya 0.96 isingefikia mpaka wa 0.97. Bila marekebisho yoyote, aina B nayo ingehesabiwa kuwa inaizidi S. Wastani wa miraba ya kosa ni 0.18 na kosa sanifu la tofauti ni 0.30.”

Sentensi ya mwisho inaonekana ya kiufundi tu, lakini ndiyo inayompa msomaji uhuru mkubwa kuliko zote. Mtu mwenye 0.30 na digrii 15 anaweza kutumia kizidishi anachokiamini, akalinganisha jozi anazozitaka, bila kuomba takwimu ghafi. Ripoti yenye herufi a, ab na b bila kosa sanifu inamfungia msomaji ndani ya uchaguzi wa mwandishi.

Mhakiki aliyetaka Tukey alipewa jibu fupi lililoeleza jozi zilizokusudiwa, likamwelekeza kwenye sentensi inayotaja 0.97. Hakuridhika kabisa, na nadhani alikuwa na haki ya kutoridhika: mpango ungetaja Dunnett tangu mwanzo, pasingekuwa na la kubishania.

Kuhusu programu, hesabu ya mwisho ilifanywa kwa R, na amri ni chache:

```r
library(emmeans)
d$bloku <- factor(d$bloku)
d$aina  <- factor(d$aina)
m <- aov(mavuno ~ bloku + aina, data = d)
e <- emmeans(m, ~ aina)
l <- contrast(e, "trt.vs.ctrl", ref = 6, adjust = "mvt")
summary(l, infer = TRUE)
```

Namba 6 ni nafasi ya S, kwa kuwa majina hupangwa kwa alfabeti. Aina ya kulinganishia ikiitwa jina linaloanza na herufi inayotangulia katika alfabeti, namba hiyo itabadilika na programu italinganisha na aina isiyo sahihi bila kulalamika. Usipoandika `adjust`, kifurushi hutumia makadirio yanayoitwa `dunnettx`, ambayo huwa karibu sana na Dunnett lakini si yenyewe. `mvt` hukokotoa kwa kubahatisha namba, kwa hiyo tarakimu za mwisho hucheza kidogo kila unapoirudia. Na mtu akiomba `adjust = "tukey"` kwa ulinganisho huu wa aina moja dhidi ya nyingine, kifurushi hubadilisha ombi kimyakimya hadi `sidak` na kuacha maelezo mafupi chini ya matokeo. Anayenakili jedwali bila kusoma mistari hiyo ya chini huishia kuandika katika ripoti jina la kipimo ambacho hakikutumika, kosa lisiloonekana na mhakiki yeyote.

Kwa msimu unaofuata timu iliamua kurudia aina zote sita katika bloku sita, na safari hii mpango unataja Dunnett ya pande mbili kwa jozi tano. Kosa la ploti likibaki 0.18, kosa sanifu la tofauti litakuwa 0.245, digrii za uhuru 25, kizidishi takriban 2.70, na mpaka utashuka hadi 0.66. Mmoja alitaka kuhesabu nafasi ya B kupita kwa kuchukulia kwamba tofauti yake halisi ni 0.79. Alishauriwa achukue 0.5, kwa sababu B inafuatiliwa kutokana na kuwa miongoni mwa zilizofanya vizuri, na wastani zilizochaguliwa kwa njia hiyo huelekea kushuka zinaporudiwa. Kwa tofauti halisi ya 0.5 hata bloku sita hazitoshi, na bajeti ya bloku nane ndiyo inayojadiliwa sasa.